Mzaha wa Wawili: Utani wa Faragha na Umri wa Mapenzi

Ukiwauliza vijana wanaotafuta wachumba wanataka mtu wa namna gani, neno "mcheshi" halikosi kutajwa. Hutajwa pamoja na tabia njema, kazi na dini, kana kwamba ucheshi nao ni mali ambayo mtu huja nayo nyumbani, ama anayo ama hana. Aliyempata mcheshi amepata. Aliyeangukia kwa mtu mkimya ajiandae kwa jioni ndefu. Makala hii inashika njia nyingine. Hoja yake ni kwamba kinachowafunga wapenzi kadiri miaka inavyokwenda si ucheshi wa mmoja wao, bali ule mzaha mdogo walioutunga wawili, ambao mtu wa tatu akiusikia haoni kinachochekesha.

Hoja hiyo ina ushahidi wa kuianzia. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alikusanya tafiti 39 kuhusu ucheshi na mapenzi, zenye washiriki zaidi ya 15,000, akazichambua kwa pamoja. Alitaka kujua ni ucheshi upi hasa unaokwenda sambamba na kuridhika kwa wapenzi. Kipaji cha mtu mmoja cha kuvunja watu mbavu kilionekana kuwa na uzito mdogo. Uzito ulikuwa kwenye ucheshi wa uhusiano wenyewe: kuona jambo lilelile kuwa la kuchekesha, kutaniana, kucheka kwa pamoja. Watu wawili wasioweza kuchekesha hata meza moja ya harusi wanaweza kuwa na nyumba yenye vicheko, ilimradi wanajua namna ya kuchekeshana wao kwa wao.

Mzaha unavyozaliwa

Mwaka 1981 watafiti watatu wa Kimarekani, Robert Hopper, Mark Knapp na Lorel Scott, waliwaomba wapenzi na wanandoa wataje maneno, misemo na ishara wanazotumia wao wawili tu, au wanazozipa maana ambayo wengine hawaijui. Walipoyapanga majibu walipata makundi manane. Kulikuwa na majina ya kuitana, maneno ya kuonyesha mapenzi, matusi ya utani, maneno ya kumkanya mwenzako kwamba anachofanya kinaudhi, maombi na mambo ya kila siku, majina ya siri ya kuwaita watu wengine, na makundi mawili yaliyohusu mambo ya chumbani.

Orodha hiyo ukiitazama vizuri inakuonyesha jambo. Sehemu kubwa yake ni mambo magumu kuyasema waziwazi. Kumkanya mwenzako mbele ya wageni ni aibu. Kumwambia kwamba umechoka na sherehe ya ndugu zake na ungependa mwondoke sasa hivi ni ugomvi unaosubiri mlango ufungwe. Kumwalika chumbani huku watoto wanasikiliza hakuwezekani kabisa. Mzaha wa siri, basi, una kazi halisi ya kufanya: unabeba ujumbe ambao ukisemwa kwa maneno ya kawaida ungekwaruza, na unaubeba pamoja na ukumbusho kwamba hawa wawili wako upande mmoja.

Tuwachukue mume na mke wa kubuni, wakazi wa Tanga, tuone neno la namna hiyo linavyopatikana. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa swichi ya sebuleni inaharibika. Mume anakataa kuita fundi, anapanda juu ya stuli na bisibisi mkononi, na baada ya nusu saa nyumba nzima inakuwa giza, pamoja na ya jirani. Mke, akiwa ameshika mshumaa, anamwita "fundi mkuu". Wanacheka. Mpaka hapo hakuna mzaha wa siri. Kuna tukio tu, na matukio ya kuchekesha hupotea kila siku.

Hatua ya pili ndiyo inayoamua. Wiki mbili baadaye bomba linavuja, na mume mwenyewe anasema kwamba safari hii fundi mkuu yuko likizo. Kwa kulitamka neno lile, amelikubali. Kama angenuna siku ya giza, au kama mke angelirudia neno mara tano kabla mume hajalipokea, lingekuwa dhihaka, na lingekufa au lingebaki kuwa mwiba. Mzaha wa wawili hauwi wa wawili mpaka yule aliyechekwa autumie yeye mwenyewe kwa hiari yake. Hapo unakuwa na wamiliki wawili.

Hatua ya tatu huja taratibu, nayo ni kuachana na tukio. Miaka minne baadaye mume ameonyeshwa gari la bei nafuu na mtu anayeapa kwamba injini yake haijawahi kufunguliwa. Mke anamsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha anauliza kama fundi mkuu ameshaikagua. Hakuna swichi, hakuna giza, hakuna mshumaa. Neno sasa lina maana mpya: tunakaribia kuingia katika jambo tusilolijua, tumlipe anayelijua. Mke amemkanya mumewe juu ya fedha, jambo linalovunja ndoa nyingi, bila kumwambia kwamba ni mjinga. Mume anaweza kurudi nyuma bila kushindwa, kwa sababu kinachomrudisha nyuma ni neno lake mwenyewe.

Kinachofanyika watu wawili wanapocheka

Mgeni akisikia "fundi mkuu" na kuelezwa kisa chote, atatabasamu kwa adabu tu. Si kwamba hana ucheshi. Mtafiti Robert Provine wa Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kicheko, alikwenda na wanafunzi wake kusikiliza watu wakiongea madukani na kwenye viwanja vya chuo. Waliandika vicheko 1,200 pamoja na sentensi iliyovitangulia. Chini ya vicheko 20 katika kila 100 vilifuata kitu kinachoweza kuitwa kichekesho. Vingine vyote vilifuata maneno makavu kabisa, ya aina ya "haya, mimi naondoka" au "yule anakuja". Provine aliona pia kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko, kwa hiyo, hakipimi ubora wa kichekesho. Kwanza kabisa kinasema jambo kuhusu watu waliokaa pamoja.

Laura Kurtz na Sara Algoe wa Chuo Kikuu cha Carolina Kaskazini, huko Chapel Hill, walilipeleka jambo hilo kwa wapenzi. Mwaka 2015 walichapisha utafiti wa jozi 71 za wapenzi walioketishwa mbele ya kamera na kuombwa wasimulie walivyokutana mara ya kwanza. Baadaye video zilitazamwa ili kupima muda: ni sehemu gani ya mazungumzo ambayo wote wawili walikuwa wakicheka kwa wakati mmoja, na ni sehemu gani mmoja alicheka peke yake. Wale waliocheka pamoja kwa muda mrefu zaidi ndio waliokuwa wamesema kwamba wako karibu zaidi na kwamba wanaweza kutegemeana. Matokeo hayo yalibaki hata vicheko vingine vyote vilipoondolewa katika hesabu. Mume anayecheka huku mke ametazama sakafuni hajachangia chochote katika kipimo hicho.

Sasa mtu makini atauliza: huenda wanaopendana ndio wanaocheka, wala si kicheko kinachowapendanisha. Swali hilo ni la haki, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Appalachian State wakiongozwa na Doris Bazzini walijaribu kulijibu mwaka 2007. Waliwachukua wapenzi jozi 52 na kuwagawa makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja liliambiwa likumbuke nyakati ambazo wapenzi hao walicheka pamoja. La pili likumbuke nyakati ambazo kila mmoja alicheka akiwa mbali na mwenzake. La tatu lilikumbuka mambo mazuri yaliyowapata pamoja, na la nne mambo mazuri yaliyompata kila mmoja kivyake. Kisha wote wakapimwa tena jinsi wanavyoridhika na uhusiano wao. Kundi la kwanza ndilo lililopanda kuliko mengine. Hata kumbukumbu za mambo mazuri ya pamoja, safari na zawadi na siku za furaha, hazikufua dafu mbele ya kumbukumbu ya kicheko cha pamoja.

Hapo ndipo mzaha wa faragha unapopata nguvu yake ya miaka. Wapenzi wa Bazzini walihitaji mtafiti wa kuwaambia "kaeni chini, kumbukeni". Wenye neno lao hawahitaji. Kila "fundi mkuu" inapotamkwa, jioni ile ya giza inarudi kwa sekunde moja pamoja na kicheko chake, bila mtu kuandaa lolote. Kumbukumbu imekunjwa ndani ya maneno mawili, na inafunguliwa kwa gharama ndogo kabisa, mara nyingi wakati ambapo kuna kazi nyingine inayoendelea.

Michezo 5,285

Mfano wa kubuni una mipaka yake, kwa hiyo inafaa kuwatazama watu halisi walioacha kumbukumbu. Charles Darwin, mwanasayansi wa Kiingereza, alimwoa binamu yake Emma Wedgwood tarehe 29 Januari 1839. Hakuna aliyewatarajia kuwa mfano wa ndoa ya vicheko. Charles aliugua kwa miaka mingi sana, tumbo na kichwa na uchovu usiokwisha, na maisha yake katika Down House, nyumba yao ya mashambani katika jimbo la Kent, yalipangwa kwa saa ili aweze kufanya kazi kidogo na kupumzika sana. Emma alizaa watoto kumi. Watatu walifariki wakiwa wadogo. Mmoja wao, Annie, alikuwa na miaka kumi alipofariki mwaka 1851, na wazazi wake hawakupona vizuri baada ya hapo.

Lakini jioni walikuwa na mchezo wao. Ulikuwa bakgamoni, mchezo wa ubao, kete na dadu ambao Waarabu wengi huuita tawla. Kwa kawaida walicheza mara mbili kila usiku, na Charles, mtu aliyezoea kuhesabu minyoo na mbegu, aliweka hesabu ya nani ameshinda. Mwanawe Francis aliandika baadaye kwamba baba yake alichangamka sana mchezoni, akilalamikia bahati yake mbaya na kulipuka kwa hasira za kuigiza mkewe alipopata dadu nzuri. Januari 1876, wakikaribia kutimiza miaka 37 ya ndoa, Charles alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kumtajia matokeo: Emma, masikini, alikuwa ameshinda michezo 2,490 tu, ilhali yeye, tena kwa vigelegele, alikuwa amefikisha 2,795.

Hesabu hizo zina utamu wake. Jumla ni michezo 5,285. Kwa michezo miwili kila usiku, hiyo ni zaidi ya miaka saba ya kukaa mezani bila kukosa hata jioni moja. Na kwa kuwa maradhi, wageni na safari ziliingilia kati, ilichukua muda mrefu zaidi. Tofauti kati yao ni 305 tu. Kama mmoja angeshinda siku zote, mzaha usingedumu hata mwezi, kwa sababu anayepigwa kila usiku hana sababu ya kucheka.

Mambo yote ya mzaha wa wawili yanaonekana hapo. Kuna jambo dogo lisilo na thamani yoyote nje ya nyumba ile. Kuna kulirudia, usiku baada ya usiku. Kuna wamiliki wawili, maana bila Emma kukubali kuketi na kukubali kulaumiwa kwa bahati yake, Charles asingekuwa na mtu wa kumfokea. Na kuna uhasama uliogeuzwa mchezo. Ndoa yoyote ya miaka 37 ina hasira ndani yake. Hawa walikuwa na nafasi ya kila jioni ambapo mume aliruhusiwa kumkasirikia mkewe kwa sauti kubwa juu ya kitu kisicho na maana, na wote wawili wakajua kwamba ni igizo.

Watani na mpaka wao

Afrika Mashariki haikusubiri wanasaikolojia ili ijue kazi ya uhasama wa kuigiza. Utani wa makabila, kama ule wa Wachaga na Wapare au wa Wasukuma na Wazaramo, unampa mtu ruhusa ya kumwambia mtani wake maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Mtani huweza kufanya vituko hata msibani. Ndani ya ukoo pia babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na mashemeji hutaniana kwa uhuru usiokuwepo kati ya mtu na wakwe zake. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, aliona kwamba uhusiano huo unachanganya urafiki na uhasama kwa makusudi: anayetaniwa analazimika kutokasirika, na katika aina moja ya utani huo kila mmoja ana haki ya kumtania mwenzake.

Kuna mambo mawili katika desturi hiyo ambayo wapenzi huyafuata bila kuambiwa. La kwanza ni kwamba haki huenda pande zote mbili. Mtani anayetania lakini hataki kutaniwa si mtani. La pili ni kwamba mpaka unajulikana. Mpare anayemtania Mchaga ana kibali cha desturi; mpita njia wa kabila jingine akisema maneno yaleyale ametukana. Kwa wapenzi mpaka huo ni mwembamba kupita wote, kwani ndani yake mna watu wawili tu. Shemeji aliyesikia "fundi mkuu" na kuanza kulitumia hajajiunga na mzaha. Ameuharibu, na mara nyingi wenye neno huliacha kimyakimya na kutafuta jingine.

Miaka inapopita

Mwaka 1993 Carol Bruess na Judy Pearson walichapisha utafiti uliogusa swali la muda moja kwa moja. Waliwauliza wanandoa 154 wa rika zote, kuanzia waliooana karibuni hadi wastaafu, wataje maneno yao ya faragha, kisha wakalinganisha majibu na jinsi walivyoridhika na ndoa zao. Walioridhika zaidi walikuwa na maneno mengi zaidi. Lakini idadi haikupanda kadiri ndoa ilivyokua. Wenye maneno mengi kuliko wote walikuwa wanandoa wapya wasio na watoto, na kutoka hapo idadi ilishuka.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa anguko hilo kwa haraka. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mume na mke hupata majina mapya: mmoja anakuwa Baba Asha, mwingine Mama Asha. Ni majina ya heshima na kila mtaa huyatumia. Lakini kwa kuwa kila mtu huyatumia, hayana faragha. Lile jina la uchumba, lililotokana na kisa fulani cha kuchekesha ndani ya daladala au kwenye mstari wa benki, linarudi nyuma mpaka chumbani, na mtoto akianza kulala chumbani halina tena pa kukaa. Mazungumzo ya wazazi yanajaa ada ya shule, homa na nani atakwenda kikao cha shule. Hakuna aliyeamua kuacha mzaha; nafasi yake imechukuliwa.

Kwa upande mwingine, Robert Levenson wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, Berkeley, na wenzake walifuatilia kwa miaka 13 wanandoa jozi 87 ambao tayari walikuwa wameishi pamoja miaka 15 hadi 35. Mara kwa mara waliwarekodi wakizungumza, pamoja na yale mambo wasiyokubaliana, na kuhesabu hisia zilizoonekana. Kadiri wanandoa walivyozeeka, kutaniana na upole viliongezeka, huku kulaumiana na kujitetea kukipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Tafiti hizi mbili zinaonekana kugongana, lakini zinapima vitu tofauti. Bruess na Pearson walihesabu maneno. Levenson alitazama mzaha ukitumika katikati ya mazungumzo magumu. Wanandoa wa miaka 40 wanaweza kuwa na maneno matatu tu yaliyobaki, nayo yakafanya kazi ya maneno 30. Wachumba hutunga majina kila wiki kwa sababu bado wanajenga mpaka wao; wazee wanajua tayari ni neno lipi linalotuliza na lipi linalochoma, na huliweka mahali pake. Jambo moja lisisahaulike: jozi 87 za Levenson ni zile zilizodumu. Waliotengana njiani hawakubaki kwenye kamera, kwa hiyo utafiti hauwaahidi wote kwamba miaka itawaletea kicheko. Unaonyesha tu kwamba ndoa ndefu inayokwenda vizuri haikauki utani kama wengi wanavyodhani.

Mzaha unapogeuka

Si kila kicheko ni cha kheri. Mwaka 2008 Lorne Campbell, Rod Martin na Jennie Ward wa Kanada walichapisha utafiti wa jozi 98 za wapenzi walioombwa wajadili jambo wanalogombania. Wale ambao wenzi wao walitumia mzaha wa kuunganisha, wa kulegeza hali na kucheka hali yenyewe, walitoka kwenye mazungumzo wakiwa wameridhika na kujisikia karibu zaidi. Wale ambao wenzi wao walitumia mzaha wa kushambulia, unaomfanya mwenzako kuwa kichekesho, walitoka wakiwa mbali zaidi. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Kinachobadilika ni kinacholengwa. "Fundi mkuu" inaweza kulicheka gari bovu, na inaweza kumcheka mume.

Njia ya kutofautisha haihitaji mtaalamu. Mzaha wa kuunganisha huishia kwa wawili kucheka kwa wakati mmoja; wa kushambulia huacha mmoja anacheka na mwingine anatabasamu kwa midomo tu. Mzaha wa kuunganisha hujibiwa kwa mzaha. Wa kushambulia hujibiwa kwa maelezo, kwa kuwa aliyeguswa anaona analazimika kujitetea. Dalili mbaya zaidi ni mzaha unaoambatana na kubenua mdomo au kuzungusha macho. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa mjini Seattle, aliiweka dharau ya namna hiyo miongoni mwa ishara kubwa za ndoa inayoelekea kuvunjika.

Kuna hatari nyingine isiyo na ukali wowote, nayo huwapata watu wema. Catherine Cohan na Thomas Bradbury, katika utafiti wao wa mwaka 1997 kuhusu waliooana karibuni, waliona kwamba katika ndoa zilizokumbwa na misukosuko mikubwa, waume waliotumia mzaha mwingi zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutengana na wake zao katika miezi 18 iliyofuata. Wachunguzi wameyaelewa matokeo hayo kama mzaha wa kukwepa. Mke anasema kodi ya nyumba haijalipwa miezi mitatu, mume anatoa kichekesho kizuri, wote wanacheka, kodi inabaki palepale. Baada ya mara kadhaa mke anajifunza kwamba akileta jambo zito atarudishiwa kicheko, na anaacha kulileta.

Akina Darwin, pamoja na hasira zao za kuigiza za kila jioni, walijua tofauti hiyo. Emma alikuwa mtu wa dini, na aliumizwa na mashaka ya mumewe tangu mwanzo wa ndoa. Hakulitia jambo hilo katika mzaha. Alimwandikia barua nzito akieleza hofu yake kwamba wangetenganishwa milele. Charles aliitunza barua hiyo maisha yake yote, na juu yake aliandika kwa mkono wake kwamba alikuwa ameibusu na kuililia mara nyingi.

Kwa mujibu wa yote haya, neno la faragha lililoharibika lina tiba ngumu kidogo. Tuseme mke wa Tanga, siku ya kikao cha ukoo, amesema mbele ya kaka za mumewe kwamba fundi mkuu ndiye aliyeshauri ule mradi wa kuku uliokufa. Kaka wamecheka sana. Mume amecheka kidogo. Kulirudia neno usiku ule kwa sauti ya upole hakutasaidia, kwa sababu sasa lina kumbukumbu mbili ndani yake, ya mshumaa na ya kikao, na ile mpya ndiyo inayojitokeza kwanza. Wala hawezi kuagiza neno jipya lizaliwe, maana maneno hayo huzaliwa kwa ajali. Anachoweza kufanya ni kuomba radhi kwa maneno ya kawaida yasiyo na mzaha wowote, kisha kuliacha neno kando. Mwenye haki ya kulirudisha ni mume, na atalirudisha kwa njia ileile aliyolipokea mara ya kwanza: siku pasi itakapoungua, atasema mwenyewe nani asiitwe kuitengeneza.